Kuigawa Aya ya Uhakiki wa Bidhaa: Ubora, Upungufu na Lugha Isiyoegemea Upande

Uhakiki wa bidhaa ni maelezo yanayotolewa na mtu aliyekinunua na kukitumia kitu, akieleza kilivyomfaa na kilivyomsumbua, na kwa kawaida maelezo hayo huandikwa kwa aya moja ndefu ambamo sifa, malalamiko, bei na hisia vimesukwa pamoja bila mpaka. Mhariri anayepewa kazi ya kuigawa aya ya namna hiyo katika orodha mbili, moja ya ubora na nyingine ya upungufu, huambiwa pia aitumie lugha isiyoegemea upande, yaani lugha isiyomvuta msomaji kununua wala kumtisha asinunue. Kosa linalotokea mara nyingi ni kudhani kwamba lugha ya namna hiyo hupatikana kwa kufuta tu maneno makali, ilhali maneno hayo ndiyo yaliyobeba uzito wa kila jambo, na yakifutwa bila kitu kingine kushika nafasi yake, malalamiko makubwa na malalamiko madogo hulingana na orodha ikaacha kusema kile alichosema mhakiki. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuutoa uzito kwenye hisia na kuuhamishia mahali pengine, hasa kwenye kipimo, kwenye mpangilio wa mistari na kwenye kumtaja mwenye kauli.

Jambo hilo huonekana vizuri zaidi kwa mfano mmoja unaofuatwa hadi mwisho. Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya, nayo inahusu jiko la presha la umeme, chombo kinachopika kwa mvuke uliobanwa ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa mfuniko wenye mpira wa kuzuia mvuke usitoke:

“Nimelitumia jiko hili la lita 6 kwa miezi minne na kusema kweli limeniokoa. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa huiva kwa dakika 50 hivi, na kwa bei ya mkaa ya sasa naona nimeokoa pesa nyingi, ingawa sikupiga hesabu. Wali haugandi kabisa kwenye sufuria ya ndani, ila ukitumia kijiko cha chuma utaijutia. Kinachoniudhi hasa ni kijiwaya chake, kifupi ajabu, hata nalazimika kuliweka jiko chini karibu na soketi. Mpira wa mfuniko nao ulishika harufu ya samaki, haikutoka hata baada ya kuuosha mara tatu. Juzi mvuke ulivuja pembeni mpaka nilipoupachika upya. Kitabu cha maelekezo ni Kichina na Kiingereza kitupu. Muuzaji alinichelewesha siku tisa. Bei yake ya shilingi 180,000 si mchezo, lakini kwa familia ya watu sita linafaa.”

Hatua ya kwanza ni kuitenganisha aya hiyo katika madai, na dai hapa lina maana ya kauli moja inayoweza kukubaliwa au kukataliwa peke yake. Sentensi moja yaweza kuwa na madai mawili au matatu, kama ile ya maharage ambayo inataja muda wa kuiva, inataja nafuu ya gharama na inataja kwamba nafuu hiyo haikupigiwa hesabu, na sentensi nyingine yaweza isiwe na dai lolote la kuandikwa. Neno “limeniokoa” ni la aina hiyo ya pili, kwa sababu halisemi jiko lilimwokoa mhakiki kutoka katika jambo gani, na mhariri akijaribu kulijazia maana, kwa mfano kwa kuandika kwamba jiko huokoa muda, atakuwa amemtungia mhakiki dai ambalo hakulitoa. Lifaalo ni kuliacha, kwa kuwa kilicho nyuma yake, yaani muda wa maharage na gharama ya mkaa, tayari kimesemwa kwa maneno ya wazi katika sentensi inayofuata.

Madai yakishatenganishwa, yapo ambayo hayaingii katika orodha yoyote. Kwamba jiko ni la lita 6 na limetumika miezi minne si ubora wala upungufu. Ni mazingira ya uhakiki, nayo huwekwa juu ya orodha zote mbili kwa sababu kila mstari utakaofuata unasimama juu yake, na mpira ulioshika harufu ndani ya miezi minne ni habari tofauti na mpira ulioshika harufu baada ya miaka mitatu. Kuchelewa kwa siku tisa nako si sifa ya jiko bali ni sifa ya muuzaji, na mtu atakayelinunua jiko lilelile katika duka jingine hatakutana nako. Mhariri makini hakuingizi katika upungufu wa bidhaa, na ikiwa uhakiki unahusu pia huduma ya duka, hukuandikia mstari wa peke yake wenye kichwa chake.

Vichwa vya orodha zenyewe vinahitaji uangalifu zaidi ya ule vinaopewa kwa kawaida. Watu wengi huandika “Faida na hasara”, lakini hasara kwa msomaji wa Kiswahili ni kwanza kabisa kupoteza mali, na waya mfupi haumpotezei mtu mali. “Kasoro” nalo ni neno zito mno kwa baadhi ya mistari, kwa maana linadokeza kwamba kitu kimetengenezwa vibaya, ilhali bei kubwa na kitabu kisicho na Kiswahili si makosa ya utengenezaji. Katika mfano huu “Ubora” na “Upungufu” yanafaa zaidi, kwa kuwa upungufu waweza kuwa wa kitu kilichokosekana, kilichopungua au kisichotosheleza, bila kumhukumu aliyekitengeneza.

Sehemu ngumu ya kazi ni lugha yenyewe, na hapa Kiswahili kina mambo yake ambayo mwongozo ulioandikwa kwa lugha nyingine hauwezi kuyaona. Hisia katika Kiswahili hazikai kwenye vivumishi peke yake. Hukaa pia ndani ya viambishi, yaani vile vipande vidogo vinavyotiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mhakiki hakuandika “waya”, aliandika “kijiwaya”, na kwa kiambishi hicho cha udogo ameudharau waya kabla hata ya kufika kwenye “kifupi ajabu”. Mhariri anayefuta “ajabu” na kubakiza “kijiwaya kifupi” atadhani amesafisha sentensi, kumbe dharau imebaki palepale. Vivyo hivyo kwa anayesema “lijiko”, akiukuza ukubwa wa chombo kwa chuki au kwa mshangao. Nomino zote zinapaswa kurudishwa kwenye umbo lake la kawaida, na kama udogo au ukubwa ndio hoja, usemwe kwa kipimo au kwa matokeo yake.

Katika mfano huu kipimo hakipo, kwa sababu mhakiki hakutaja urefu wa waya kwa sentimita, lakini matokeo yapo: jiko linalazimika kuwekwa chini karibu na soketi. Matokeo hayo ndiyo yanayochukua nafasi ya “ajabu”, nayo yanamsaidia msomaji kuliko neno lenyewe, kwa maana mwenye soketi juu ya meza ya jikoni ataona mara moja kwamba upungufu huo haumhusu sana, na mwenye soketi moja ukutani karibu na sakafu ataona kwamba unamhusu. Mhariri akienda kutafuta urefu wa waya katika maelezo ya kiwandani na kuuongeza, atakuwa ameandika kitu cha kweli ambacho hakikusemwa na mhakiki, na orodha itakuwa imeacha kuwa ya uhakiki ule.

Wakati wa kitenzi ni mtego mwingine, na pengine ndio unaoharibu orodha nyingi kuliko yote. Mhakiki amesema mvuke “ulivuja”, akimaanisha tukio la juzi, lakini sentensi fupi za orodha humvuta mhariri kuelekea kiambishi cha mazoea, naye akaandika “mvuke huvuja pembeni”. Kwa herufi mbili tu tukio moja limegeuka kuwa tabia ya chombo, na kwa chombo kinachofanya kazi kwa presha tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa mvuke unaovuja mara kwa mara unaashiria mpira ulioharibika au mfuniko usiokaa vizuri, ilhali uvujaji uliokoma mpira ulipopachikwa upya unaashiria tu kwamba mpira haukuwa umekaa sawasawa katika nafasi yake. Kinyume chake, kauli “huiva kwa dakika 50” imetumiwa kwa haki, kwa sababu mhakiki anaeleza mazoea ya miezi minne, na mhariri akiibadilisha kuwa “yaliiva” atakuwa ameudhoofisha ubora uliothibitishwa kwa kurudiwa. Kanuni ya kufuata ni kuubakiza wakati wa kitenzi kama ulivyo katika aya hata pale unapoharibu ulinganifu wa mistari.

Maneno madogo nayo yaangaliwe moja moja. “Hivi” katika “dakika 50 hivi” ni kadirio na lazima libaki, kwa kuwa bila hilo mhakiki ataonekana alipima kwa saa. “Kabisa” katika “haugandi kabisa” ni la kuamuliwa kwa kufikiri: laweza kuwa pambo la usemi, na laweza kuwa dai kwamba hakuna hata punje moja inayoshika chini. Kwa kuwa ukanusho “haugandi” tayari umetosha kulisema dai hilo, neno linaweza kuondolewa bila maana kupungua. “Hata” katika “hata baada ya kuuosha mara tatu” lina mshangao ndani yake, lakini idadi ya mara tatu ndiyo yenye habari, basi “hata” liende na idadi ibaki.

Misemo ya mitaani inataka tahadhari zaidi, kwa sababu mingi ina pande mbili. “Si mchezo” likisemwa juu ya bei ni lalamiko, lakini likisemwa juu ya nguvu ya moto ni sifa, na “hatari” katika mazungumzo ya vijana huweza kumaanisha ubora wa hali ya juu. Mhariri akikutana na “jiko hili ni hatari” na kulinakili kwenye orodha, msomaji atakayelikuta bila sentensi zilizolizunguka atadhani anaonywa juu ya mlipuko. Misemo ya aina hiyo lazima ifasiriwe kwa kuangalia sentensi nzima, kisha iandikwe kwa maneno ya kawaida.

Kauli ya kijiko cha chuma ni fupi, lakini inaonyesha vizuri mahali ambapo mhariri mwenye ujuzi hukosea kwa sababu ya ujuzi wake. Kila mtu aliyewahi kutumia sufuria yenye utando wa kuzuia chakula kisigande anajua kwamba chuma huukwaruza utando huo, na kwa hiyo kishawishi cha kuandika “utando hukwaruzika kwa urahisi” ni kikubwa. Mhakiki, hata hivyo, hakusema kwamba utando ulikwaruzika. Alisema kwamba mwenye kutumia kijiko cha chuma ataijutia sufuria, na haijulikani kama aliyasema hayo kwa kuyaona kwake au kwa kuambiwa. Njia ya haki ni kuandika kwamba mhakiki anatahadharisha dhidi ya kijiko cha chuma, bila kumtajia sababu. Tahadhari hiyo isikatwe kutoka katika mstari wa ubora na kupelekwa upande wa pili, kwa kuwa ni sharti la ubora wenyewe: wali haugandi, mradi sufuria itunzwe. Maneno kama “ila”, “mradi” na “isipokuwa” mara nyingi hufunga sharti na jambo lake, na mhariri anayeyachukua kama mahali pa kukata huwaachia wasomaji ahadi isiyo na sharti upande mmoja na lalamiko lisilo na chanzo upande mwingine.

Nafuu ya gharama inahitaji kumtaja mwenye kauli. Pale mhakiki anaposimulia alichokiona, kama harufu ya samaki kwenye mpira, haina haja ya kuandika “mhakiki anasema” katika kila mstari, kwa sababu orodha nzima inajulikana kuwa ni ya kwake. Lakini pale anapokadiria au kuhukumu, jina lake lazima liwepo ili kadirio lisisomeke kama kipimo. Kitenzi kinachotumika kumtaja nacho kina upande. “Anadai” humtilia mtu shaka, “anakiri” humfanya aonekane alikuwa anaficha, “analalamika” humfanya mnung’unikaji, na “anasisitiza” humpa nguvu ambayo huenda hakuwa nayo. “Anasema”, “anaona” na “anakadiria” hayana mvuto huo, na matatu hayo yanatosha kwa karibu kila orodha.

Kabla ya kuandika mistari, mhariri aangalie pia mapatano ya ngeli. Ndani ya aya, viambishi kama “u-” na maneno kama “chake” hueleweka kwa sababu nomino imetangulia, lakini katika orodha kila mstari husomwa peke yake, na katika jiko hili waya, mvuke, mpira, mfuniko na hata wali vyote huchukua “u-”. Mstari unaoanza na “Ulivuja” au “Ulishika harufu” unaweza kuwa wa kitu chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo kila mstari uanze na jina la sehemu inayozungumzwa, hata kama jina hilo limetajwa katika mstari uliotangulia.

Baada ya hayo mpangilio unabaki kuamuliwa, na hapa ndipo hisia zilizoondolewa hupata nafasi yake halali. Mhakiki amesema “kinachoniudhi hasa” juu ya waya, na ingawa neno la kuudhika halitaingia katika orodha, “hasa” linaonyesha kwamba huo ndio upungufu mkubwa machoni pake, basi mstari wa waya utangulie. Mengine yafuate kadiri aya inavyoyapa nafasi, na pale ambapo aya haionyeshi tofauti ya uzito, utaratibu wa aya yenyewe ubaki. Aya ikigawanywa kwa namna hiyo hutoka hivi:

Mazingira: Mhakiki amelitumia jiko la lita 6 kwa miezi 4.

Ubora
– Maharage makavu yasiyolowekwa huiva kwa dakika 50 hivi.
– Gharama: mhakiki anaona kwamba, kwa bei ya mkaa ya sasa, ameokoa pesa nyingi, ingawa hakupiga hesabu.
– Wali haugandi kwenye sufuria ya ndani. Mhakiki anatahadharisha kwamba kijiko cha chuma kisitumiwe.

Upungufu
– Waya wa umeme ni mfupi, na kwa sababu hiyo mhakiki analazimika kuliweka jiko chini karibu na soketi.
– Mpira wa mfuniko ulishika harufu ya samaki, nayo haikutoka baada ya mpira kuoshwa mara 3.
– Mvuke ulivuja pembeni katika tukio moja lililotajwa, ukakoma mpira ulipopachikwa upya.
– Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kichina na Kiingereza pekee.
– Bei ni shilingi 180,000, ambayo mhakiki anaiona kuwa kubwa.

Uamuzi wa mhakiki: Pamoja na bei hiyo, jiko linaifaa familia ya watu sita.

Mstari wa mwisho haumo katika orodha yoyote, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo. Katika aya, bei na familia ya watu sita viliunganishwa na “lakini”, na katika Kiswahili jambo linalofuata neno hilo mara nyingi ndilo msemaji analolipa uzito wa mwisho. Mhakiki ameikubali bei. Sentensi hiyo ikikatwa katikati, bei ikaenda upande wa upungufu na familia upande wa ubora, msomaji hataona tena kwamba vitu hivyo viwili vilipimwa kwenye mizani moja na kimoja kikashinda. Hatari huongezeka kwa sababu orodha zimetoka na mistari mitatu upande mmoja na mitano upande mwingine, na macho ya msomaji huhesabu mistari kabla ya kuisoma. Baadhi ya wahariri hujaribu kutibu hali hiyo kwa kulazimisha usawa, ama kwa kuuvunja mstari mmoja wa ubora kuwa miwili, ama kwa kuunganisha mpira na mvuke katika mstari mmoja, ama kwa kuitupa habari ya kitabu cha maelekezo kwa kuwa inaonekana ndogo. Njia zote hizo zinaubadilisha uhakiki, na ya tatu inamdhuru hasa msomaji asiyesoma lugha hizo mbili. Orodha ziachwe na urefu wake, na uamuzi wa mhakiki uandikwe chini yake kwa sentensi moja. Neno “linafaa” nalo libaki hivyohivyo, kwa kuwa “linatosha” lingekuwa dai la ujazo wa sufuria, na mhakiki hakuzungumzia kama sufuria ya lita 6 inawashibisha watu sita kwa mara moja.

Ikiwa aya haina uamuzi, mhariri asiubuni kwa kuhesabu mistari au kwa kukisia kutokana na ukali wa maneno. Aya nyingine huishia katika lalamiko la mwisho lililomjia mwandishi, na hapo orodha mbili pamoja na mazingira vinatosha.

Ukaguzi wa kazi hufanywa kwa pande mbili. Kwanza, kila mstari wa orodha unaoanishwa na maneno ya aya kwa kupigiwa mstari kwa kalamu, na mstari usiopata maneno yake unafutwa. Kisha aya inasomwa upya na kila kipande kisichopigiwa mstari kinatakiwa kiwe na sababu ya kuachwa, kama “limeniokoa” lisilo na dai na siku tisa zinazomhusu muuzaji. Pili, orodha hupewa mtu ambaye hajaisoma aya, naye huulizwa maswali machache ya wazi: mvuke ulivuja mara ngapi, ni upungufu gani uliomsumbua mhakiki kuliko mwingine, nafuu ya gharama ilipimwa au ilikadiriwa, na je, mhakiki analiona jiko kuwa linafaa. Akijibu kwamba mvuke huvuja kila mara, wakati wa kitenzi umepotea mahali fulani. Akishindwa kuutaja upungufu mkubwa, mpangilio haujabeba uzito uliotolewa kwenye maneno. Na akiuliza kwa nini mhakiki analichukia jiko hili, kuna kiambishi cha dharau au kitenzi chenye upande kilichobaki ndani ya orodha, na mhariri arudi kukitafuta mstari kwa mstari.